Malalamiko: kadi imeandikwa bima, bima yenyewe haipo

Kwa Meneja Mkuu,
Tawi la Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KUFUTWA KWA IDHINI YA MALIPO BAADA YA MTOTO KUFANYIWA UPASUAJI

Nakusalimu kwa heshima, na heshima hiyo nitajitahidi kuishika hadi mwisho wa barua hii, ingawa sikuahidi kwamba itakuwa rahisi.

Mwanangu wa miaka tisa alipasuliwa kidole tumbo usiku wa tarehe 17 Septemba. Idhini mliitoa nyinyi wenyewe, kwa maandishi, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Tarehe 19, saa tano asubuhi, daktari ametia sahihi ya kumruhusu na mtoto ameshavaa viatu, nikaenda dirishani kwa karani wa malipo. Nikaweka kidole kwenye mashine. Karani akatazama kioo chake, akanitazama mimi, akasema, "Pole mama, kadi imezimwa." Akawapigia simu. Afisa wenu wa madai akajibu, na simu ilikuwa kwenye spika, foleni nzima ikisikia: "Huyo mwambie arudi kwa mwajiri wake. Mfuko wao umekwisha. Sisi si bima yake."

Si bima yangu. Kadi niliyokuwa nimeishika ina nembo yenu upande mmoja, na chini ya nembo pameandikwa "Bima ya Afya". Basi nikajiuliza, kama nyinyi si bima yangu, ni nani?

Jibu nimelitafuta mwenyewe, kwa kuwa ofisini kwenu sikulipata. Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni yetu ya uwakala wa forodha, na faili la bima limo kwenye kabati langu. Nilitoa ankara yenu ya mwaka juzi na ya mwaka huu, nikaziweka sambamba mezani. Ya mwaka juzi: ada ya bima shilingi 6,000,000, tozo ya mafunzo asilimia 0.2, yaani 12,000. Tozo ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima asilimia 0.25, yaani 15,000. Ushuru wa stempu 40. Jumla 6,027,040. Ya mwaka huu ina mistari miwili tu: amana shilingi 6,000,000, ambayo ndani yake mmekata ada ya usimamizi asilimia 8. Tozo hamna. Stempu hamna.

Hiyo mistari mitatu midogo iliyopotea ndiyo bima yenyewe. Mwaka juzi tulikuwa wenye bima: madai yakizidi ada, hasara ni yenu, na nyuma yenu upo mtaji ambao sheria inaitaka kampuni ya bima za kawaida iwe nao, usiopungua shilingi milioni 600, pamoja na kampuni za bima mnazogawana nazo mzigo. Hata mngeanguka, ule mfuko wa fidia tuliouchangia 15,000 ungekuwepo. Mwaka huu mmetugeuza wenye chungu. Tunatia fedha zetu, nyinyi mnachota na kulipa bili, na chungu kikikauka mnazima kadi. Nyuma ya kadi yangu hapakuwa na milioni 600. Palikuwa na shilingi 20,000.

Nasema 20,000 kwa hesabu zenu. Tuliweka 6,000,000, mkakata 480,000, zikabaki 5,520,000. Hadi mwisho wa Agosti mlikuwa mmelipa bili za 4,310,000, na taarifa mliyomtumia mwajiri ilionyesha salio la 1,210,000. Kwa mtu asiyejua, hizo ni fedha za kutosha hadi Desemba. Lakini nyinyi ni watu wa kazi hii, mnajua kuwa hospitali huleta bili mwezi mmoja au miwili baada ya mgonjwa kwenda zake. Matibabu ya Julai na Agosti yalikwisha kufanyika, watu walikwisha kupona, bili tu ndizo zilizokuwa njiani. Zilipofika Septemba zilikuwa 1,190,000. Salio lile halikuwa salio. Katika bima halisi mnatakiwa kutenga akiba kwa ajili ya madai ya namna hiyo, yaliyokwisha kutokea na hayajaletwa. Kwa chungu chetu hamkutenga hata senti, wala hamkutia mstari mmoja wa tahadhari kwenye taarifa.

Na mkataba wenu, kifungu ambacho mmekiandika wenyewe, unasema salio likishuka chini ya robo mtamwandikia mwajiri ili aongeze fedha. Robo ya 5,520,000 ni 1,380,000. Mwisho wa Agosti mlikuwa mmeshapita chini yake. Barua ya kumtaka mwajiri aongeze ina tarehe 22 Septemba. Siku tatu baada ya kumzimia mtoto kadi! Tarehe 17, mlipotoa idhini ya upasuaji, hesabu mlikuwa nazo na bili za miezi miwili mlikuwa nazo. Kwa nini mliidhinisha? Na mkishaidhinisha, mnafutaje?

Narudi pale dirishani, kwa sababu nilipoeleza mara ya kwanza niliacha jambo, na ndilo linaloninyima usingizi.

Mwanangu alikuwa amesimama kando yangu. Sindano ya dripu ilikuwa bado mkononi, imebanwa kwa plasta, kwani nesi alisema ataitoa tukishaleta risiti. Afisa wenu aliposema "si bima yake", watu wa foleni waligeuka kututazama, na mtoto akauingiza ule mkono ndani ya kanga yangu, akauficha. Hakulia. Aliuficha tu, kana kwamba ameshikwa na kitu si chake. Mimi nikamwomba karani anipe simu niongee na afisa mwenyewe. Nikasema, "Kaka, nina barua yenu ya idhini hapa, ina muhuri wa juzi." Akanijibu, "Mama, idhini hutegemea fedha kuwepo," akakata. Tulikaa kwenye benchi lile kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tatu usiku. Mlinzi alikuja mara mbili kuangalia kama bado tupo. SHA, bima ya afya ya serikali, ilikuwa imeshalipa sehemu yake. Iliyobaki ilikuwa 286,400. Shilingi 200,000 nilizipata kwa mkopo wa dharura wa Sacco, 86,400 wakanichangia wanachama wa chama chetu, kila mmoja kwa simu yake. Sindano ilitolewa mkononi saa tatu na robo usiku.

Ninayoyadai ni haya. Kwanza, mnirudishie 286,400 pamoja na riba ya mkopo wa Sacco. Sidai kwenye chungu kilichokauka. Nadai kwenu, kwa sababu idhini ni ahadi yenu, na ilani ya robo mliificha nyinyi. Pili, mumwandikie kila mwanachama wa mfuko wetu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba hana bima, ana akiba ya pamoja inayosimamiwa nanyi, na kwamba tozo ya fidia haikulipwa kwa ajili yake. Neno "bima" mlifute kwenye kadi.

Tatu, na hili nimelifikiria baadaye, kwa hiyo ombi langu linaongezeka: mtuonyeshe amana zetu zinakaa katika akaunti ipi. Kama zinakaa katika akaunti maalum ya dhamana, kwa jina la mfuko, mtoe uthibitisho wa benki. Kama mmezichanganya na fedha zenu za kuendeshea ofisi, basi hatari yetu ni kubwa kuliko nilivyodhani. Maana mkianguka nyinyi, msimamizi atakayewekwa na mamlaka atazikuta fedha zetu zimo ndani ya zenu, na sisi tutapangwa foleni pamoja na wadai wengine, sawa na mwenye nyumba na muuza karatasi.

Msiniambie kwamba kampuni za bima hazianguki. Wakenya tumeyaona. United ilikwenda 2005, Blue Shield 2011. Resolution, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa bima ya matibabu, iliwekwa chini ya msimamizi Aprili 2022, na malipo yakasimamishwa. Amri ya kusimamisha malipo ikishatoka, mwanachama hawezi kulipwa wala kukimbilia mahakamani, anangoja. Na akishangoja, mfuko wa fidia una ukomo: shilingi 250,000 kwa dai. Kwa bili yangu ningebaki na deni la 36,400 hata kama ningekuwa na bima kamili na nyinyi mmefilisika. Ningelilipa hilo bila kinyongo, kwa sababu ningejua tangu mwanzo kinga yangu inaishia wapi. Mwaka huu hata hiyo 250,000 mmeniondolea, bila kuniambia, kwa kufuta mstari mmoja wa 15,000 kwenye ankara. Ile 15,000 ambayo nasikia mwajiri wetu alielezwa kuwa "amepunguziwa gharama".

Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kuwapa siku kumi na nne. Nikiusoma tena ule mstari wa "idhini hutegemea fedha kuwepo", nawapa saba. Siku ya nane nitapeleka ankara zote mbili, barua ya idhini yenye muhuri, taarifa ya Agosti na barua ya tarehe 22 Septemba kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, idara ya malalamiko. Siku hiyo hiyo nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Dai langu liko chini sana ya shilingi milioni moja, ambayo ndiyo mipaka ya mahakama hiyo, na sihitaji wakili kusimama pale. Wenzangu wawili ambao wake zao walizimiwa kadi wiki hiyo hiyo, mmoja akiwa anasubiri kujifungua, wameshanipa nakala zao. Tutaingia pamoja.

Mkitaka kunijibu, nijibuni kwa maandishi. Simu yenu kwa spika nimeshaisikia.

Mwanachama wenu, kwa mujibu wa kadi,
Mama wa mgonjwa wa kitanda nambari 6.

Nakala: Mwajiri; kamati ya wafanyakazi ya mfuko wa matibabu.

Viambatisho: ankara mbili, barua ya idhini ya tarehe 17 Septemba, taarifa ya mfuko ya Agosti, barua yenu ya tarehe 22 Septemba, risiti ya hospitali ya 286,400.