Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: PASS ya OAE haitoshi kwa mtoto aliyeugua manjano makali

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Mimi ni mpimaji wa usikivu katika hospitali ya mkoa. Nina ombi moja: mtoto mchanga aliyelazwa kwa manjano makali asiandikwe kwamba anasikia kwa sababu tu amefaulu kipimo cha usikivu cha OAE.

Nieleze kwa mfano wa mtoto aliyeletwa kwangu akiwa na miaka miwili. Alizaliwa baada ya mimba kutimia, na siku ya nne akawa wa manjano hadi nyayoni. Bilirubini, rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, ilikuwa mikromoli 520 kwa lita, wakati mtoto wa umri huo hufikiriwa kubadilishiwa damu ikifika 450. Aliwekwa chini ya taa za bluu, lakini damu ya kubadilishia ilichelewa. Akapona, akanyonya vizuri, na alipopimwa OAE mashine ikaandika PASS masikio yote mawili. Mama akarudi nyumbani ameridhika.

Kisha maneno hayakuja. Pikipiki ikipita mtoto anashtuka, mlango ukigongwa anageuka, lakini ukimwita jina lake redio ikiwa inaongea hana habari. Nyumbani waliona ni mkaidi. Zahanati wakasema watoto wa kiume huchelewa kusema, jibu ambalo natamani lipigwe marufuku.

OAE hupeleka mlio sikioni na kusikiliza mwangwi mdogo unaotolewa na seli za nje zenye vinyweleo ndani ya koklea, kiungo cha kusikia kilicho sikio la ndani. Kipimo kinaishia hapo. Mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo hauguswi. Na bilirubini inapozidi hushambulia hasa mshipa huo na vituo vyake kwenye shina la ubongo, huku seli zile zikibaki salama. Sauti inaingia, ila nyuzi za mshipa zinaipeleka kama kwaya ambayo kila mwimbaji anaanza ubeti kwa wakati wake. Mtoto anajua kuna sauti, maneno hayashiki, na penye kelele hali huwa mbaya zaidi.

Anayeweza kuligundua hili ni mpimaji mwenye ABR, kipimo cha jinsi mshipa na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Unabandika elektrodi kichwani, unapiga milio elfu moja au mbili, na kompyuta inatafuta wastani wa majibu ya mshipa. Majibu yasiyokwenda pamoja hufutana. Kwa mtoto huyu, hata kwa desibeli 90, mawimbi ya mshipa hayakuonekana. Mwanzoni mwa mchoro tu kulikuwa na mtikisiko mdogo. Nilipogeuza mwelekeo wa mlio, mtikisiko nao ukapinduka, na nilipobana mrija wa sauti ukatoweka. Basi haukuwa umeme wa mashine wala jibu la mshipa. Ilikuwa koklea yenyewe ikifanya kazi yake. Mpimaji anayetumia milio inayopishanisha mielekeo hiyo miwili pekee hatauona, kwa kuwa pande mbili hufutana, na mtoto ataandikwa kiziwi wa kawaida.

Kosa hilo lina gharama. Katika hali hii mchoro uliolala hausemi mtoto anasikia kwa kiwango gani; wengine husikia milio midogo kabisa. Ukimvalisha shimesikio zenye nguvu kwa kufuata mchoro huo, unaweza kumuumiza. Kiwango tunakipata kwa kumwangalia anavyoitikia sauti, tena kwa vikao kadhaa. Shimesikio zinajaribiwa kwa uangalifu, maana huongeza sauti bila kuipanga. Upandikizaji wa koklea, unaofanyika Muhimbili tangu 2017, huwasaidia wengi kwa sababu mapigo yake ya umeme huweza kuziamsha nyuzi kwa pamoja, mradi mshipa wenyewe upo. Lakini haufai kuharakishwa kwa mtoto mchanga sana, kwani baadhi yao mshipa hutengemaa ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo. Wakati wa kusubiri, afundishwe lugha ya alama.

Kuchelewa kupima nako kuna hasara: kwa baadhi ya watoto OAE hupotea kadiri wanavyokua, na hapo dalili iliyokuwa ikitofautisha tatizo inakuwa imekwenda.

Siombi ABR kwa kila mtoto anayezaliwa nchini. Tuanze na waliofikia kiwango cha kubadilishiwa damu, njiti, na waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Fomu ya kuruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga iwe na nafasi ya kuandika ni kipimo gani kilichofanyika, na kama ni OAE tu, mtoto apewe tarehe ya ABR kabla hajatimiza miezi mitatu. Mashine ya ABR ya uchunguzi wa awali inabebeka kwa mkono, hivyo moja inaweza kuzungukia hospitali za wilaya kwa ratiba ya kliniki.

Wako katika utumishi,
Mpimaji wa usikivu, hospitali ya mkoa