Kwa binamu anayepiga kinanda: zile nambari mbili na kwa nini ngoma inagombana na kwaya

Binamu,

Habari za Nakuru? Umeuliza zile nambari mbili zilizopandana mwanzoni mwa mstari wa nota zina kazi gani, sasa kwaya yenu imeacha solfa na kuanza kupewa karatasi za stafu. Wanamuziki wengi huku Kisumu huziita taimu signecha. Mimi nitaziita alama ya mapigo.

Nambari ya juu husema ni nota ngapi, na ya chini ni aina ya nota inayohesabiwa: 4 ni krocheti, 8 ni kweva, ambayo ni nusu ya krocheti. Kwa hiyo 3/4 inasema kila kipimo, yaani nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima, kina krocheti tatu au nota zinazojumlika hapo. Hiyo si robo tatu ya hesabu, na wala haisemi wimbo uende mbio kiasi gani. Mwendo huandikwa kando, juu ya stafu.

Kilicho muhimu zaidi ni uzito. Pigo la kwanza la kila kipimo ndilo zito, na hilo ulishalisoma miaka yote kwenye solfa bila kuambiwa. Pale mstari wa wima ulikuwa mbele ya pigo zito, na nukta mbili mbele ya pigo jepesi:

```
| d : r : m | f : m : r |
```

Hiyo ni 3/4 tupu, ila hakuna aliyeiandika nambari.

Sasa tamka kwa sauti, silabi zote zikiwa na urefu sawa: mo-ja mbi-li ta-tu. Ni silabi sita, na mkazo unaangukia MO, MBI na TA. Umepata mapigo matatu, kila moja limegawanyika mara mbili. Hiyo ni 3/4. Halafu tamka: ku-SHO-to ku-LI-a, ku-SHO-to ku-LI-a, bila kupumzika katikati. Ni silabi sita pia, lakini mkazo ni mara mbili tu, na kila mkazo unabeba silabi tatu. Hiyo ni 6/8. Kweva ni sita huku na sita kule, ila makundi si yale yale. Ndiyo maana mwongoza kwaya anayejua kazi yake huonyesha mkono mara mbili katika kipimo cha 6/8, si mara sita, isipokuwa wimbo uwe wa polepole sana.

Umeona pia kwamba ile "ku" ya kwanza imetangulia pigo zito? Hapo ndipo wapiga vinanda wengi wanapoumia. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno kama "Mwokozi" likianza ubeti, "mwo" hukaa kwenye pigo jepesi na "ko" ndiyo inayoangukia moja. Chukua wimbo wa 3/4 unaoanza hivyo. Kwaya inaingia kwenye pigo la tatu, na kipimo kamili kinaanza kwa silabi ya pili. Ukibonyeza kitufe cha kuanzisha ngoma waimbaji wanapofungua mdomo, ngoma yako inaita moja wakati wao wako kwenye tatu, na mtabaki mmepishana pigo moja hadi mwisho. Washa SYNC START badala yake, hesabu "moja, mbili", waache waimbe silabi ya kwanza na mkono wa kulia peke yake, kisha shusha kodi ya mkono wa kushoto (si ile ya KRA) pale pale silabi nzito inapotua. Ngoma itaanza na kodi hiyo.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kuuwekea wimbo wa mapigo matatu staili ya mapigo manne, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari kwenye kioo. Hesabu kinachotokea. Uzito wa kwaya uko kwenye pigo la 1, 4, 7, 10 na 13. Ngoma inaanza upya kwenye 1, 5, 9 na 13. Mnakutana mwanzo, mnapotezana, halafu mnakutana tena kwenye la 13. Ndiyo maana unadhani mambo yamejinyoosha, kumbe vipimo vinne vya tatu vimelingana tu na vitatu vya nne. Katikati, silabi nzito mara mbili inaangukia kwenye snea, inayolia kwenye mapigo ya 2 na 4. Dalili ya wazi zaidi iko kwa waimbaji: wanaanza kuvuta silabi ya mwisho ya mstari kwa pigo moja zaidi ili wasubiri ngoma. Ukisikia hivyo usiwalaumu, tazama kioo. Tafuta staili iliyoandikwa Waltz, au yoyote inayoonyesha 3/4. Katika walzi besi hupiga pigo la kwanza peke yake, na kodi hujibu kwa wepesi kwenye la pili na la tatu: dum, cha, cha. Ukizipiga hizo mbili kwa nguvu sawa na besi, uzito unapotea.

Gwaride halina ugumu. Tamka lef-ti rai-ti: mapigo mawili, 2/4, kila pigo mguu mmoja, na mguu wa kushoto ndio unaobeba pigo zito. Yapo magwaride ya 6/8 pia, na yale maneno ya kushoto kulia yanayafaa vizuri, kwa sababu miguu bado ni miwili.

Shafo ndiyo inayowachanganya watu, maana alama ya mapigo haikuambii. Karatasi inasema 4/4 kama nyimbo nyingine, kweva zimeandikwa mbili mbili kama kawaida, lakini hazipigwi sawa. Kila pigo ligawe mara tatu, ya kwanza ichukue sehemu mbili, ya pili ichukue moja: leef-ti, raai-ti. Tafuta maelezo madogo juu ya stafu, kwa kawaida kweva mbili, alama ya sawasawa, kisha krocheti na kweva chini ya namba 3. Mwandishi mwingine huamua kuiandika yote kwa 12/8, na hapo huhitaji maelezo.

Weka metronomu kwenye 90. Pigo moja ni kama sekunde 0.67. Kweva za kawaida zinapata 0.33 kila moja. Kwenye shafo, ya kwanza inapata 0.44 na ya pili 0.22. Anayejifunza kwa kawaida hukosea kwa kuifupisha mno ya pili hadi 0.17, yaani tatu kwa moja, kama krocheti iliyogawanywa kuwa kweva yenye nukta na semikweva. Hapo shafo inakauka na kugeuka gwaride. Ukitaka kujua kama umekosea, jaza ile sehemu ya katikati kwa ulimi, "ta-ka-ta, ta-ka-ta", huku vidole vikipiga "ta" mbili tu. Vidole vikifika kabla au baada ya ulimi, hujapata.

Na usiipeleke shafo kwenye mwendo wa 180 ukitarajia uwiano ule ule. Kadiri mwendo unavyopanda, kweva mbili husogeleana na kuwa karibu sawa, hata kwa wapigaji hodari. Kwa hiyo fanyia mazoezi kwenye 80 hadi 100, na wimbo ukiwa wa kasi acha mkono ulegee wenyewe.