Kabla mashua haijashuka

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Salamu ndefu utazipata tukionana, leo nina haraka na umeme wetu unaujua. Sisi wazima, mtoto ana mafua tu, na yule bwana wa ghorofa ya chini bado hajanilipa pesa yangu, usiniulize. Miezi minne hujaniandikia neno, halafu ghafla zinaingia klipu 47 na ujumbe wa mstari mmoja, "Nitengenezee filamu ya Babu." Haya. Nimezitazama zote. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, ukaanza kujitetea.

Kwanza haki yako. Sauti inasikika, mkono wako hautetemeki, na Babu Haji anaunda mashua yake na kuzungumza kama vile kamera haipo. Hilo hata watu wanaolipwa linawashinda. Lakini shoga, klipu 47 zote ni picha moja! Umesimama hatua tatu kutoka kwake, umemkata kiunoni, ukagandia hapo. Anachonga kwa tezo, kiunoni. Anasimulia, kiunoni. Anakunywa chai, kiunoni. Hata pale anapokalafati, anaposukumiza pamba kwenye upenyo wa mbao, jambo ambalo nimelingoja klipu nzima, mimi naona mgongo na kofia.

Utasema, kwani kuna ubaya gani? Ubaya unauona ukikaa nilipokaa mimi. Nikitoa maneno ya katikati, nikaunganisha picha mbili za kiunoni za mtu yule yule aliyekaa pale pale, mtazamaji haoni picha mbili. Anaona Babu amerushwa. Kichwa kinahama ghafla, mkono unatokea kwenye goti ambako haukuwapo. Dawa yake ni kwamba picha inayofuata iwe na ukubwa tofauti kweli kweli, si nusu hatua, na ikiwezekana wewe mwenyewe uwe umemzunguka kidogo, kama nyuzi 30 hivi. Hapo jicho linakubali kuwa tumehamia kwingine, na mkato haliuoni.

Basi kila anachokifanya kichukue mara tatu. Ya kwanza waidi. Rudi nyuma mpaka mashua yote iingie, omo mpaka tezi, na magogo yanayoishikilia, na Babu awe mdogo kando yake. Hapo ndipo mtu wa Bara atajua kuwa mzee mmoja na tezo anajenga kitu kikubwa kuliko chumba chake. Angalia tu mstari wa bahari usimpite Babu shingoni, maana kwenye klipu ya 4 unamchinja. Piga magoti au simama juu ya kitu mpaka mstari uhame. Ya pili ndiyo hiyo kiunoni unayoipenda, midiamu, tunaona anafanya nini. Ya tatu klozapu, vidole na pamba peke yake, hadi nione kucha. Kisha uso wake akitazama anachokifanya. Kila moja iache sekunde 10 bila kugusa kitu. Usivute zumu huku unarekodi, nakuomba.

Na klozapu usiipige kwa kumbandika simu puani. Lenzi ya kawaida ya simu, ile ya 1x, inaona pana, na ukimsogelea mtu nayo pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Ile ya 0.5x ndiyo usiiguse kabisa kwa uso wa mtu. Kama simu yako ina 2x, bonyeza hiyo halafu urudi nyuma kama mita moja na nusu. Kwa vidole hakuna shida, sogea tu.

Mahali pa kumkata mtu nako kuna adabu yake. Usikate kwenye kiungo. Klipu ya 22 umemkata Babu kwenye vifundo vya miguu, nikadhani amejikata na msumeno wake mwenyewe. Ama mwonyeshe mpaka nyayo na mchanga kidogo chini yake, ama panda hadi katikati ya mapaja. Goti, kiuno hasa, kiwiko, shingo, hizo ruka, kata juu yake au chini yake kidogo.

Sasa njoo kwenye kilichoniuma. Klipu ya 9. Ile anayosimulia alivyojifunza kazi kwa mjomba wake, na mpini wa tezo uliokuwa unamtua mgongoni kila akipinda mbao vibaya. Hiyo ndiyo filamu yenyewe, ningeweza kuianza nayo na kuimaliza nayo. Lakini umeuweka uso wake katikati kabisa ya fremu. Najua kwa nini. Kile kiboksi cha njano cha kulenga kinakaa katikati, nawe unamwekea uso humo humo kama unapiga bunduki. Matokeo yake nusu nzima ya juu ni makuti na mbingu, na Babu anaonekana amezama, kama mtu aliyesimama shimoni. Mzee mrefu kama mnazi umemfanya kibushuti.

Nilijaribu kuokoa. Picha yako ina urefu wa nukta 1080 kwenda chini, na macho yake yako kwenye ya 540, nusu kwa nusu. Mimi nayataka kwenye mstari wa theluthi ya juu. Siwezi kuisukuma picha juu tu, chini itabaki nyeusi. Lazima niikuze kwanza, na hesabu inagoma chini ya asilimia 133. Yaani kutoka upana wa 1920 nabaki na 1440, na kwa kuwa anatazama kushoto, ninachokitupa chote ni kulia. Na kulia kuna nini? Mashua! Nimempata Babu amekaa vizuri, chombo chake kimekwenda na maji. Tena picha ikalegea, imekuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Ungekuwa umerekodi kwa 4K nisingelalamika, ile ina nukta mara mbili kila upande, inakatika na bado inabaki kali. Kuna kitu kama hicho kwenye simu yako? Angalia kwenye mipangilio ya kamera, na hapo hapo washa vile vistari vya gridi, viwili vya kulala na viwili vya kusimama.

Hivyo vistari ndivyo vitakavyokuokoa, wala usivikariri kama aya. Macho ya Babu yagonge mstari wa juu, basi. Ukifanya hivyo nafasi ya juu ya kichwa inajipanga yenyewe. Kwenye waidi itakuwa kubwa, kwenye midiamu vidole viwili vitatu, na kwenye klozapu kofia itakatika kabisa. Iache ikatike! Kofia ikikatwa hakuna anayeona, kidevu kikikatwa kila mtu anaona. Nilivyokuwa naanza nilikuwa naogopa kukata kofia za watu, nikajaza mbingu kwenye harusi nzima ya Bi Kidawa, mpaka leo ananikumbusha.

Vistari vya kusimama ndivyo vya upande. Rajabu akiuliza maswali akiwa kushoto kwako, Babu anatazama kushoto, basi wewe umweke Babu kwenye mstari wa kulia. Mbele ya pua yake paachwe wazi. Klipu ya 12 umefanya kinyume, pua inakaribia kugusa ukingo na nyuma yake kuna uwanja mtupu. Mtu akiona hivyo anahisi kuna kitu kitamtokea mzee kutoka nyuma, au kwamba anazungumza na ukuta. Hayo unaweza kuyataka kwenye filamu ya majini na mashetani, si hapa. Rajabu asogee karibu na lenzi, bega kwa bega na simu, akisimama mbali nayo tutapata sikio la Babu tu. Na simu iwe usawa wa macho ya Babu. Yeye akikaa kwenye gogo, nawe kaa.

Kwa mtu anayetembea ni vile vile. Klipu ya 31, Babu na ubao begani, ubao unatoka nje ya fremu kabla yake, yeye unamburuza ukingoni. Mwachie njia mbele. Au vizuri zaidi, tuliza simu, yeye aingie upande mmoja atokee mwingine.

Hayo ya mstari ukiyazoea utayavunja, na kuna mahali nakuomba uyavunje. Omo ya mashua ikitazamwa kwa mbele, iweke katikati sawasawa, mbavu kulia na kushoto. Na Babu akimaliza kuzungumza, mwombe atazame lenzi moja kwa moja, kimya. Hapo katikati, karibu, kofia imekatwa.

Ninachokuomba basi ni kumrudia Babu kwa klipu ya 9. Najua kumrudisha mzee kwenye hadithi ile ile ni kazi, atasema "si nilishakwambia?" Mwambie ni mimi niliyeuliza, sikusikia vizuri. Rudia pia kukalafati kabla hawajapaka mafuta ya sifa, maana pamba ikishafunikwa hatuna tena picha hiyo. Mengine nitajitahidi nayo.

Halafu kushusha chombo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu ni mara moja tu, hakuna "Babu rudia". Kama Rajabu ana simu nzuri, yeye asimame mbali kwenye waidi ya kutulia, mashua upande mmoja wa fremu na maji matupu upande wa pili, aiache iingie majini yenyewe. Wewe uwe karibu, kwenye mikono na kamba na nyuso. Ila wote wawili kaeni upande mmoja wa njia ya mashua. Mmoja akivuka, kwangu itaonekana chombo kimegeuka kinarudi nchi kavu.

Sasa niambie. Ni bamvua hii au ya mwezi ujao? Saa ngapi maji yanajaa, asubuhi au jioni jua likiwa machoni mwenu? Babu atapanda chomboni au atabaki ufukweni? Nafasi ya simu yako ilibaki kiasi gani baada ya klipu 47? Na ile stendi niliyokuachia Idi, ile yenye mguu uliofungwa kamba, bado ipo au watoto wameshaifanya fimbo? Mama mkwe wako kifua kimepoa? Na huyo anayecheka nyuma ya kamera kwenye klipu ya 17 ni nani, mbona hukuniambia?

Zuhura wako