Kwa nini ujumbe wa ankara tunautoza, na kwa nini hatutumi akaunti kwa WhatsApp

Lalamiko linalotufikia kuliko mengine yote hapa ofisini ni hili: “Mbona mnanitoza elfu thelathini kwa barua ya kumpa mgeni namba ya akaunti? Si ningempigia picha tu nikamtumia?” Wiki iliyopita mwenye kampuni mmoja wa Moshi aliondoka amekasirika, akasema tunamuuzia karatasi. Huyo ni mteja wetu wa muda mrefu na namheshimu, kwa hiyo namjibu hapa kwa kirefu, pamoja na wengine wenye kampuni za utalii wanaoniuliza jambo hilohilo.

Sisi tunawaandikia barua wageni wenu kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na kila barua mwenye kampuni hupewa nakala yake ya Kiswahili ili ajue anachotia sahihi. Barua zote zina kazi, lakini inayoandamana na ankara ndiyo pekee ambayo mwizi anaisubiri.

Wizi wenyewe huenda hivi. Mtu anapata neno la siri la imeili ya kampuni, mara nyingi kwa kuwatumia ukurasa unaofanana na ule wa kuingilia. Akishaingia habadilishi kitu. Anasoma. Anaona mgeni wa Ujerumani ameshalipa malipo ya awali, anaona salio linatakiwa lini, anaona mnavyosalimiana na nani hutia sahihi. Anaweka kichujio ili majibu ya mgeni huyo yasionekane kwenye kikasha chenu. Siku chache kabla ya salio anamwandikia mgeni kwa lugha yenu, na ankara yenu, na nembo yenu. Kilichobadilika ni akaunti. Wengine hutumia anwani inayofanana na yenu kwa tofauti ya herufi moja, lakini aliye ndani ya kikasha anaweza kuandika kutoka anwani yenu halisi. Ndiyo maana kumwambia mgeni “angalia anwani vizuri” hakumwokoi.

Kampuni moja ya Arusha ilitujia baada ya kupatwa. Safari ya Wajerumani wanne, dola 11,600. Malipo ya awali asilimia 30, yaani dola 3,480, yalifika salama. Salio la dola 8,120 likaenda kwenye akaunti ya nchi nyingine ya Ulaya, kwa sababu ujumbe ulisema akaunti ya Tanzania “iko kwenye ukaguzi”. Mgeni alikuwa na hakika amelipa, kampuni ilikuwa na hakika haijalipwa, na loji zilitaka pesa zao. Walibishana kwa wiki nzima kabla ya mtu kufungua ankara mbili na kuzilinganisha. Nilipouliza kwa nini mgeni aliamini, jibu lilikuwa kwenye WhatsApp ya mwenye kampuni mwenyewe: miezi kadhaa nyuma, kwa nia njema, alimwandikia mgeni huyohuyo kwamba akipenda anaweza kulipa kwa akaunti ya shemeji yake aliyeko Ulaya, ili akwepe makato ya benki. Mgeni hakuitumia akaunti ile, ila alijifunza kwamba kwa kampuni hii akaunti hubadilika kwa ujumbe mfupi. Mwizi alipokuja na hadithi yake, njia ilikwishafunguliwa.

Hapo ndipo njia ya mkato inapogharimu. Makato ya kutuma pesa toka Ulaya yanauma, sikatai. Lakini kila mara unapompa mgeni akaunti ya pili, au jina la mtu binafsi badala ya la kampuni, au picha ya akaunti uliyoituma ukiwa porini Ndutu, unamzoesha kitu ambacho mwizi atamtumia kesho.

Sasa nauonyesha ujumbe wenyewe, ule wa malipo ya awali, kwa nakala ya Kiswahili:

“Bwana na Bibi (jina la ukoo),

Tumeambatisha ankara ya malipo ya awali ya safari yenu ya Februari, dola 3,480 za Marekani, ambayo ni asilimia 30 ya bei yote.

Jina la akaunti: (jina kamili la kampuni, kama lilivyo kwenye mkataba).
Benki: (jina la benki), Arusha, Tanzania.
Namba ya akaunti: (namba kamili).
Swifti: (herufi zote; ya tano na ya sita ni TZ).

Tanzania haitumii namba za IBAN. Ankara yenye jina letu ikiwa na IBAN si yetu, hata kama imetoka kwenye anwani yetu.

Kabla hamjatuma pesa, tupigieni kwa namba ileile mliyoitumia tulipozungumza mara ya kwanza. Msitumie namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wowote wa malipo. Mwombeni atakayepokea awasomee tarakimu nne za mwisho za akaunti.

Salio la dola 8,120 mtalilipa kwenye akaunti hii hii. Hatutawaandikia kuibadili. Mkipata ujumbe unaosema imebadilika, msiujibu, tupigieni.”

Basi, ni huo. Mfupi, na watu wakiuona hudhani umeandikwa kwa dakika tano. Niwaeleze kwa nini maneno yamekaa hivyo.

Mstari wa IBAN ndio ninaouthamini zaidi. Mgeni wa Ulaya amezoea IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayoanza na herufi mbili za nchi, na mwizi wake mara nyingi humpa akaunti ya Ulaya kwa sababu pesa hufika haraka na mgeni haoni ugeni wowote. Kumwambia mapema kwamba Tanzania haina IBAN kunamwezesha kuitambua ankara ya uongo kwa macho tu, bila ujuzi wowote. Vivyo hivyo swifti, msimbo wa kimataifa unaoitambulisha benki: ina herufi nane au kumi na moja, na ya tano na ya sita ndizo nchi. Akiona GB ya Uingereza au LT ya Lithuania badala ya TZ, pesa haiji Arusha. Alama hizi zina mpaka wake. Mwizi mwenye akaunti hapa hapa Tanzania atazipita zote mbili, na hapo linabaki jina la akaunti na simu.

Kuhusu jina, msidhani benki ya mgeni italilinganisha na namba. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kulinganisha jina na IBAN kabla ya kutuma yuro ndani ya eneo lao. Hilo linasaidia: mgeni wa eneo hilo akielekezwa kutuma yuro kwenye akaunti ya huko yenye jina jingine, benki yake itamwonya kwamba jina halilingani, na asiendelee hata kama “kampuni” imemwandalia maelezo ya kwamba hiyo ni akaunti ya wakala. Lakini dola zinazokuja Tanzania hazimo katika utaratibu huo.

Simu ndiyo kinga ya mwisho, na ndipo wengi wanapoiharibu. Ankara nyingi ninazoletewa zimeandikwa chini, “kwa uhakika piga namba hii”. Anayebadilisha akaunti kwenye ankara atashindwaje kubadilisha na namba ya simu? Mgeni atapiga, mwizi atapokea, atathibitisha kila kitu kwa upole. Kwa hiyo sisi hatuweki namba. Tunamrudisha mgeni kwenye namba aliyokuwa nayo kabla pesa haijatajwa. Na ni nyinyi mnaosoma tarakimu, mgeni anasikiliza. Akisoma yeye, dada wa mapokezi mwenye wageni watatu mbele yake atasema “ndiyo, ndiyo” bila kuangalia.

Ujumbe wa salio ni mfupi zaidi, na hauna namba ya akaunti kabisa. Unasema: lipeni kwenye akaunti ileile iliyopokea malipo ya awali, inayoishia na tarakimu hizi nne. Malipo ya awali yakishafika yanakuwa ushahidi kwamba akaunti ile ni yenu kweli, tena mgeni anayo kwenye kumbukumbu za benki yake. Ukishamzoesha hivyo, ankara ya salio ikija na namba ndefu mpya, umbo lake peke yake litamshtua. Wateja wetu wengine wanataka namba irudiwe “ili asisumbuke”. Mimi nakataa, na wakinisukuma naeleza tena.

Kuna maneno pia tunayoyaondoa. “Lipa leo la sivyo nafasi inaondoka.” “Haraka sana.” Herufi kubwa nyekundu. Mwizi huandika hivyohivyo, na kampuni inayomharakisha mgeni kila mara inamnyima njia ya kutofautisha. Tunaandika tarehe ya mwisho mara moja, tunanyamaza. Onyo nalo liwe moja. Ujumbe uliojaa maonyo ya utapeli humfanya mgeni ashuku safari yenyewe.

Mgeni akishatuma, mwombeni nakala ya uthibitisho wa malipo siku hiyohiyo, ile ambayo benki zetu bado huiita MT103. Angalieni namba ya akaunti ya mpokeaji na jina lake, msiangalie kiasi tu. Pesa ya nje huweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo mwizi anazozihitaji kuihamisha. Nakala ikionyesha akaunti ngeni, mgeni aipigie benki yake papo hapo aombe malipo yarudishwe, kisha aende polisi wa kwao. Benki yako ya Arusha haiwezi kurudisha pesa ambayo haijawahi kuifikia, kwa hiyo usipoteze asubuhi kwenye foleni ya tawi.

Kwa wanaotumia Gmail, kabla hatujaandika lolote tunafungua mipangilio pamoja nanyi: sehemu ya “Filters and Blocked Addresses” na ile ya “Forwarding and POP/IMAP”. Kichujio msichokijua au anwani ngeni inayopelekewa nakala maana yake kuna mtu ndani. Hapo tunasimama, mnabadilisha neno la siri, mnawasha uthibitisho wa hatua mbili, mnatoa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo tunaendelea. Kuandika ujumbe mzuri na kuutuma kwenye kikasha chenye mwizi ni kumpa rasimu.

Na mkihama benki kweli? Hutokea. Msifunge akaunti ya zamani mpaka salio la mwisho la wageni waliokwisha kulipa malipo ya awali liwe limeingia. Akaunti mpya waipate wageni wapya tu, tangu kwenye mkataba. Kampuni mbili tumezipitisha hivyo, msimu mzima zikilipia akaunti mbili, na hakuna mgeni hata mmoja aliyelazimika kuambiwa “imebadilika”.

Elfu thelathini ni kwa lugha moja, malipo ya awali na salio pamoja, na ukaguzi wa kikasha umo ndani. Njoo na mkataba wako na barua ya benki inayoonyesha jina la akaunti lilivyoandikwa, kwa sababu jina la kwenye ankara likipungua hata neno moja tunalirekebisha kwanza. Kama ulikwisha kumtumia mgeni yeyote akaunti ya ndugu au ya binafsi, sema mapema: tutakaa nawe uwapigie mmoja mmoja kuifuta, na kazi hiyo tunaitoza kando.