YAH: Arifa za saa tisa usiku kutoka mchezo wenu wa shamba

Dar es Salaam, 9 Julai 2025

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja,

Salaam. Mimi ni mchezaji wenu wa miezi saba, na kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, kwa hiyo ninayolalamikia nayafahamu kwa ndani.

Usiku wa Alhamisi, saa tisa kamili, simu ililia: "Ng'ombe wako wamekusahau!" Nilikuwa nimewalisha saa nne usiku huohuo. Mtoto akaamka. Ujumbe huo ulitoka kwenye seva yenu, na nadhani uliwekwa saa sita usiku ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa. Simu yangu inajua iko saa ngapi. Tumieni saa yake, na kabla ya kutuma angalieni mtu aliingia lini mara ya mwisho.

Siku mbili baadaye nikavuna mahindi mapema kwa kulipia sarafu. Saa tatu zilipopita, arifa ikaniambia mahindi yamekomaa. Nikafungua, nikakuta udongo mtupu. Hiyo haikutoka kwenye seva, simu yenyewe iliipanga siku ya kupanda, nanyi hamkuifuta nilipovuna. Ni mstari mmoja wa msimbo. Ipeni kila arifa namba ya shamba lake, na shamba likivunwa ifuteni kwa namba hiyo.

Kinachouma ni kwamba arifa ya mavuno naitaka. Ndiyo inayonirudisha kweli. Lakini tangu Android 8 kila programu inatakiwa kugawa arifa zake kwa chaneli, ili mtu azime aina moja na kubakiza nyingine. Nilipofungua mipangilio nilikuta chaneli moja tu, imeandikwa "Jumla". Mavuno, ng'ombe na ofa za sarafu zote zimo humo. Nikazima yote. Mmepoteza arifa niliyoipenda kwa sababu ya zile nisizozitaka, na sidhani kama ni mimi peke yangu.

Mke wangu anacheza kwenye iPhone, na huko mambo ni mazito zaidi. Mlimwambia aruhusu arifa ili ajue mazao yakikomaa, akabonyeza Ruhusu. Sasa anapokea ofa za sarafu. Kanuni 4.5.4 ya App Store inakataza arifa za matangazo mpaka mtumiaji akubali waziwazi kwa maneno yaliyoonyeshwa ndani ya programu, na humohumo awe na njia ya kujitoa. Ile Ruhusu ya simu haitoshi. Kwenye mipangilio yenu yeye ameona muziki na sauti tu.

Naomba toleo lijalo liwe na chaneli ya mavuno peke yake, na ofa ziwe na swichi yake, izimwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe. Nikiiona hiyo chaneli nitaiwasha siku hiyohiyo. Kwa sasa mahindi yangu yanaozea shambani, maana hakuna wa kuniambia.

Wenu,
Mchezaji wa ngazi ya 41