Wito wa harambee: mbao sita za drafti na walezi wawili

Wapendwa washarika na marafiki,

Tulipofungua kituo cha mchana kwa watoto wanaoshinda mitaa ya Makoroboi hapa Mwanza, tulianza na ligi ya mpira, timu nne za watoto watano watano. Haikufika wiki ya tatu. Mtoto anayeokota chupa hawezi kuahidi Jumamosi, na aliyekosa mechi alipokelewa kwa lawama za wenzake, basi akapotea. Kombolela nayo tuliiacha. Mtoto anayekimbizwa usiku hapati raha ya kutafutwa mchana.

Kilichodumu ni drafti ya vizibo vya soda, 12 vinatazama juu na 12 vinatazama chini. Haihitaji timu wala kusema jina, na macho yanakuwa kwenye ubao, si usoni.

Yupo kijana wa kama miaka 12. Siku ya kwanza tulimwuliza jina ili tumwandike kwenye daftari la mahudhurio, akageuka na kuondoka. Kosa lilikuwa letu. Baada ya hapo tuliweka ubao mmoja karibu na geti, geti likiwa wazi, na mlezi akakaa chini kwenye mkeka bila kumwita mtu. Kijana alirudi, akasimama na kiroba chake begani, akacheza kwa kuinama tu. Siku nyingine alikula kete mbili za mlezi kwa mpigo, akacheka, akatua kiroba chini. Sisi huangalia hicho kiroba. Kikiwa begani, hatumwulizi chochote.

Mchezo haukuisha, kelele zilisikika barabarani naye akatoka mbio. Mlezi alichora kete zilivyokaa kwenye daftari la hesabu la miraba. Alipokuja tena, wiki tatu zilikuwa zimepita. Hakuulizwa alikuwa wapi. Mlezi alifungua daftari, akapanga vizibo vilevile, akamwambia, "Zamu yako."

Ndiyo maana fedha nyingi tunazoomba ni za walezi. Mtoto anayekuja mara moja moja akikuta sura mpya kila mara, anaanza upya kuogopa. Tunataka walezi walewale wawili, siku nne kwa wiki, kwa wiki 26. Nauli na chakula cha kila mmoja ni shilingi 5,000 kwa siku, jumla 1,040,000. Mbao sita kwa fundi seremala ni 90,000, na mikeka minne 100,000. Yote ni shilingi 1,230,000. Uji tayari umebebwa na akina mama wa usharika.

Hatutawatumia picha za watoto, maana wengine wangetukimbia wakiona kamera. Mhazini atasoma hesabu kanisani kila mwisho wa mwezi.

Michango ipokelewe na mhazini baada ya ibada zote mbili za Jumapili, au kupitia wazee wa kanisa mtaani kwenu. Wenye maduka, tuwekeeni vizibo. Tunahitaji 144, na vilivyopindika havifai, havitulii ubaoni.