Deni nililipa, lakini benki imeninyima mkopo

Mpendwa Mshauri,

Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Nakuru. Niliomba benki mkopo wa shilingi 400,000 wa miaka miwili ili niongeze matairi na betri. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu kwamba ombi halikufaulu, basi. Afisa wa mikopo naye akaniambia tu kuwa mfumo umekataa.

Sikuridhika. Nilimwandikia meneja wa tawi, nikataja namba ya ombi, nikauliza kama walitegemea ripoti ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, na ni ya kampuni ipi, na kama kuna sababu nyingine. Hapa Kenya benki ikikunyima mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo inapaswa kukujulisha, nawe una haki ya kupata nakala bila malipo. Wengi hatuidai haki hii, na inaniuma.

Nilijibiwa kwa maandishi. Sababu ya kwanza ni deni la shilingi 2,300 la mkopo wa simu, lililoonyeshwa kuwa halijalipwa. Mkopo huo niliumaliza kabla ya tarehe yake, na ujumbe wa M-Pesa ninao. Nimewasilisha pingamizi kwa CRB na kuambatisha ushahidi. Kampuni iliyonikopesha sasa imekubali kubadilisha taarifa isomeke "limelipwa".

Hapo ndipo nimekwama. Salio litakuwa sifuri, lakini historia itaendelea kuonyesha kwamba nilichelewa, na rekodi mbaya hukaa miaka 5 hata baada ya deni kulipwa. Mimi sikuchelewa. Nataka waiondoe kabisa rekodi ya kuchelewa, ila nahofia kwamba nikiwabana, hata hilo dogo walilokubali litakwama.

Sababu ya pili ni akaunti yangu. Duka huuza takriban shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini benki inaona kama 60,000 tu. Wateja hulipa kwa till, nami huwalipa wauzaji wa jumla moja kwa moja kutoka humo humo, kwa hiyo pesa nyingi hazifiki benki. Marejesho yangekaribia shilingi 20,000 kila mwezi, na kwa wanachokiona wao, ukitoa gharama za mali, hazibaki za kutosha.

Nimeanza kupeleka mauzo yote benki kwanza, kisha nalipa wauzaji kutoka kwenye akaunti. Makato yameongezeka, lakini naona hakuna njia nyingine ya kuwaonyesha biashara ilivyo.

Naomba unishauri. Je, nikubali neno "limelipwa" au nisimame hadi rekodi ifutwe? Na je, nisubiri miezi sita akaunti ijaze picha kamili, au niombe sasa shilingi 200,000 nikiambatisha taarifa ya till ya mwaka mzima na risiti za wauzaji? Nahofia pia kwamba nikikataliwa tena karibu karibu, ombi hilo nalo litaonekana kwenye ripoti.

Msomaji wako,
Nakuru